Dhahabu ya TikTok na zamu ya ayuuto
Mwuza nguo wa Soko Mugdi, Garissa, akifungua TikTok usiku hukutana na harusi ya Eastleigh: bibi harusi kajaa dhahabu, sebule ina makochi mapya. Video haisemi kama fedha hizo zimetumwa na ndugu aliyeko Minneapolis au ni deni. Roho haitulii, na kesho yake anataka zamu yake ya ayuuto isogezwe mbele. Hapo ningemsihi afanye hesabu kwanza. Tuseme wako wanawake 20, kila mmoja akitoa shilingi 1,000 kwa wiki. Anayepokea 20,000 wiki ya kwanza amekopa bila riba, na ana wiki 19 za kulipa. Wa mwisho ameweka akiba. Zamu ya mapema inafaa ikinunua mzigo wa nguo zinazotoka, kwa kuwa mauzo yatalipa mchango. Ikinunua makochi, mchango utatoka kwenye pesa ya unga. Dalili mbaya kuliko zote ni kuchukua Fuliza, yenye gharama zake, ili kutoa ile elfu moja. Akifika hapo, awaambie wenzake kabla ya siku ya mchango, maana kuna mama anayengoja zamu yake kwa ajili ya karo.