Alama moja ya C

Jioni moja wiki iliyopita nilirudi nyumbani Randburg nikiwa nimechoka, nikamkuta mtoto wa dada yangu amekaa mezani amenuna. Yuko Gredi 12, mwaka wa matriki, na mbele yake palikuwa na karatasi ya jaribio la hesabu lililosahihishwa. Alikuwa amepata 39 kati ya 50.

"Mama mdogo, nataka uniandikie barua kwa mwalimu," akasema. "Ameninyima alama yangu moja bure."

Kwa wale mlio nje ya Afrika Kusini, niwaeleze kwa nini alama moja ilimuuma hivyo. Hapa matokeo hupangwa kwa viwango 7. Asilimia 80 na kuendelea ni kiwango cha 7, na kuanzia 70 hadi 79 ni kiwango cha 6. Vyuo vikuu vingi hujumlisha viwango hivyo mtoto anapoomba nafasi. 39 kati ya 50 ni asilimia 78, na 40 ni asilimia 80 kamili. Jaribio hilo si mtihani wa mwisho, lakini kijana aliona wazi kwamba alama moja ndiyo iliyomwacha nje ya mlango.

Nikaiomba karatasi. Swali lenyewe lilikuwa la integresheni. Wazazi wengine watashangaa, kwa sababu kwenye hisabati ya kawaida ya matriki watoto husoma diferensiesheni tu. Integresheni imo kwenye Hisabati za Ufundi, somo lililoanza Gredi 10 mwaka 2016 na kufanyiwa mtihani wa matriki kwa mara ya kwanza mwaka 2018. Mimi niliikuta kidato cha nne huko Mombasa, kwa hiyo haikuwa ngeni machoni pangu, ingawa ilikuwa imeota kutu. Swali liliandikwa hivi:

∫(6x² − 4x + 3) dx

Kijana alijibu 2x³ − 2x² + 3x. Swali lilikuwa na alama 4. Mwalimu aliweka vema tatu, moja kwa kila kipande, kisha mwishoni akachora duara jekundu na kuandika ndani yake: + C.

Nakiri kwamba mwanzo nilikuwa upande wa kijana. Nilikumbuka kwamba jibu la integresheni huhakikiwa kwa kulirudisha nyuma, yaani kulifanyia diferensiesheni. Nikafanya hivyo. 2x³ ikanipa 6x², −2x² ikanipa −4x, na 3x ikanipa 3. Swali lilirudi lote, halikupungua kitu. Nikasema moyoni, labda kweli mtoto ameonewa.

Hata hivyo, kabla ya kuandika barua nilitaka kuamsha kichwa kidogo. Tukachagua swali jepesi, kila mmoja alifanye kwenye karatasi yake bila kuchungulia ya mwenzake:

∫2(x + 1) dx

Yeye alifungua mabano kwanza akapata 2x + 2, kisha akaintegreti na kuandika x² + 2x. Mimi niliyachukua mabano kama yalivyo, nikaandika (x + 1)². Njia hiyo inafaa hapa kwa sababu ukiidiferensheti x + 1 unapata 1, kwa hiyo hakuna kitu cha kusawazisha.

Tukaweka karatasi pamoja. Kijana akafungua mabano yangu, akapata x² + 2x + 1.

"Umekosea, Mama mdogo. Una 1 ya ziada."

"Hebu hakiki," nikamwambia.

Akadiferensheti jibu lake akapata 2x + 2. Akadiferensheti langu akapata 2x + 2 vilevile, maana ile 1 ilipotea njiani. Tukajaribu kuweka 3 mahali pa x. Jibu lake likatoa 15, langu likatoa 16. Tukaweka 10, lake likatoa 120 na langu 121. Tofauti ilikuwa 1 kila mara, haikuongezeka wala kupungua. Kukawa na majibu mawili yasiyolingana, na yote mawili yanafaulu uhakiki.

Hapo ndipo nilipoelewa duara jekundu. Diferensiesheni hupima jinsi kitu kinavyobadilika. Namba iliyosimama peke yake, ile inayoitwa konstanti, haibadiliki, kwa hiyo ikipita huko hutoka sifuri. x² + 2x, x² + 2x + 1 na x² + 2x − 40 zote zikidiferenshetiwa hutoa 2x + 2. Ukipewa 2x + 2 na kuulizwa ilitoka wapi, huwezi kujua ilikuwa ipi kati ya hizo. Swali linataka zote kwa pamoja, na njia ya kuziandika zote ni x² + 2x + C, ambapo C ni namba yoyote. Jibu la kijana lilikuwa limetaja moja tu kati ya jamaa wasiohesabika. Langu nalo lilikuwa na kosa lile lile, ila tulikuwa tumetaja jamaa tofauti. Ukiweka C kwenye majibu yetu yote mawili, ugomvi unakwisha, maana 1 yangu inamezwa ndani ya C.

Ona pia kwamba uhakiki wangu wa mwanzo usingeweza kamwe kugundua kosa hili. Kurudisha nyuma kunafuta konstanti, kwa hiyo jibu lenye C na lisilo na C hurudi yakiwa sawasawa. Mwanafunzi anayehakiki kazi yake kwa uangalifu wote bado atapita juu ya kosa hili bila kuliona, akaja kulikuta kwenye karatasi iliyosahihishwa.

Kijana hakuridhika. "Sawa, lakini C ni namba isiyojulikana. Ina faida gani kuandika kitu usichokijua?"

Swali zuri, na nililijibu kwa kazi yangu ya wodini. Chukua mgonjwa aliyewekewa dripu ya lita moja saa tisa alasiri, na mashine imepangwa ipitishe mililita 125 kwa saa. Mimi napokea zamu saa moja jioni. Mashine inanionyesha mwendo, ile 125. Nikiintegreti mwendo huo napata jumla ya maji aliyopata mgonjwa:

J = 125t + C

Hapo t ni saa zilizopita tangu nipokee zamu. C ni nini basi? Weka t iwe sifuri, yaani dakika ile ninayopokea. Kinachobaki ni C peke yake. Hayo ni maji yaliyokwisha kuingia kabla sijafika, na kutoka saa tisa hadi saa moja ni saa 4, kwa hiyo ni mililita 500. Mashine ikisoma mwendo tu haiwezi kuniambia hilo. Ninaambiwa na muuguzi anayenikabidhi na chati aliyoijaza.

Saa tano usiku, t ni 4. Nikiwa na C, jumla ni 500 + 500, yaani mililita 1,000. Mfuko umekwisha na nitakuwa nimeshajiandaa. Nikisahau C nitaandika 500, nitadhani nusu ya mfuko bado ipo, na kwenye chati mgonjwa ataonekana amepata nusu ya maji aliyopata kweli. Kwa mgonjwa wa moyo au wa figo, ambaye maji yake yanahesabiwa kwa uangalifu, upungufu huo wa kwenye karatasi unaweza kumfanya mtu amwongezee maji asiyoyahitaji.

Kwa hiyo C unaiandika kwanza bila kuijua, kisha habari moja tu ya ziada inakupa thamani yake. Nikampa kijana lile swali lake la mtihani na habari moja juu yake: mchoro wa jibu unapita kwenye nukta (1, 5). Akaandika 2x³ − 2x² + 3x + C, akaweka 1 mahali pa x, akapata 2 − 2 + 3 + C, yaani 3 + C. Hiyo lazima iwe 5, basi C ni 2. Nikamuuliza x ikiwa 2 jibu ni ngapi. Akapata 16. Kwa jibu lake la kwanza lisilo na C angepata 14, na mchoro wake ungepita chini ya nukta ile kwa hatua 2.

"Mbona basi swali la chini yake sikuweka C na nimepewa zote?" akauliza.

Swali hilo lilikuwa na namba juu na chini ya alama ya integresheni. Turudi kwenye dripu. Ukiniuliza maji mangapi yameingia kati ya saa moja na saa tano, natoa jumla ya saa moja kwenye jumla ya saa tano: (500 + C) kutoa C. C inajifuta yenyewe. Hata kama sijui kilichoingia kabla, najua kwamba katika saa zangu 4 zimeingia mililita 500. Ndiyo maana integresheni yenye mipaka haihitaji C, na isiyo na mipaka inaihitaji.

Mambo mawili madogo kwa mzazi anayekaa na mtoto wake mezani. Swali likiwa na vipande vitatu, C ni moja tu, kwa sababu namba tatu zisizojulikana zikijumlishwa ni namba moja isiyojulikana. Na C iandikwe kwenye mstari ule ule ambapo alama ya ∫ inaondoka. Mtoto anayesema ataiongeza mwishoni ndiye anayeisahau, hasa akiwa bado na kazi ya kurahisisha jibu.

Barua sikuiandika. 39 ilibaki 39. Kijana alichukua kalamu, akaandika + C pembeni ya duara jekundu kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaniuliza kama kuna chai. Nikamwambia ipo kwenye chupa, ila sijui ni kiasi gani, maana sikuwepo ilipopikwa.