Barua ya kuacha kazi isubiri likizo iishe

Hapa Bweri alitujia mzazi mmoja na kichanga chake mgongoni. Yuko likizo ya uzazi, na barua ya kuacha kazi ameshaiandika. Tulimwambia asiipeleke kwanza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mzazi siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua mapacha. Lakini notisi haitolewi ukiwa likizoni, wala haiendi sambamba na likizo. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28 akisharudi. Akigoma kuzifanyia kazi, mwajiri anaweza kukata mshahara wa siku hizo.

Je, likizo ya mwaka imeliwa na uzazi? Hapana, ni vitu viwili. Kwa mzunguko usiokamilika, kila siku 13 za kazi zinazaa siku moja ya likizo. Mwenzetu huyu akifikisha siku 130, anadai malipo ya siku 10. Kiinua mgongo asikitegemee, kwa kuwa kaacha mwenyewe.

Barua itaje tarehe ya mwisho wa kazi, iombe malipo ya likizo na cheti cha utumishi. Abaki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Dini imetufundisha kuandikiana madeni. Jasho letu nalo ni deni.

Dada wa Zanzibar, sheria yenu ni nyingine, ya mwaka 2005. Isomeni kabla ya kushika kalamu.