CORS Haimzuii Mwizi

“API yetu iko salama, tumeifungia CORS, inaitikia tovuti yetu tu.” Kauli hii husemwa na wataalamu wa mifumo kwa utulivu wa kuudhi, nayo haina ukweli. Mstari wanaojivunia ni huu:

```
Access-Control-Allow-Origin: https://duka.example.com
```

Mstari huo umo ndani ya jibu. Maana yake seva imekwisha kupokea ombi, imetafuta data na kuituma. Kinachousoma ni kivinjari: kikiona hati ya JavaScript imetoka tovuti isiyotajwa, kinainyima jibu. Kinafanya hivyo kumlinda mtumiaji, ili tovuti ya kitapeli aliyoifungua isisome taarifa zake za kwingine kwa kutumia vidakuzi vyake. Kulinda seva ya mtu si kazi yake. Asiyetumia kivinjari basi hana wa kumzuia:

```
curl -i https://api.example.com/bei
```

Data itakuja yote, na ule mstari mnaouita kufuli utakuja nayo, ukisomeka wazi. Hati ya Python, programu ya simu na seva ya mshindani wenu zitapata hayohayo.

Hapo hujitokeza shujaa: “Tulijaribu kutoka tovuti nyingine, tukaona kosa jekundu!” Mliliona wapi? Kwenye kivinjari. Fungueni basi kumbukumbu za seva. Ombi la kawaida la GET mtalikuta limejibiwa 200. POST ya fomu ni balaa zaidi: oda inaweza kuwa imekwisha kuingia, kilichofichwa ni jibu tu. Ni kweli kwamba DELETE, au POST ya JSON, hutanguliwa na ombi la OPTIONS, na kivinjari kikikosa kibali hakiendelei. Lakini anayebisha hodi hapo ni kivinjari kilekile. curl haibishi hodi.

Mjanja wa pili husema seva ikague kichwa cha `Origin`. Haya, nacho huandikwa na yeyote:

```
curl -H "Origin: https://duka.example.com" https://api.example.com/bei
```

Ni watu haohao wanaoficha ufunguo wa siri ndani ya JavaScript ya ukurasa, kisha wanashangaa umevuja, ilhali kila mgeni wa tovuti amepakuliwa nakala yake.

Seva ndiyo inayopaswa kukataa. Ikague tokeni ya kila ombi, ihakikishe mwenye tokeni ana haki na rekodi anayoitaka, na iweke kikomo cha maombi. Kama data ni ya kusomwa na kila mgeni bila kujitambulisha, hakuna mpangilio utakaoifanya isomwe na tovuti yenu pekee. Iteni API yenu kwa curl bila tokeni. Ikiwapa data, iko wazi kwa dunia nzima, CORS iandikwe vyovyote iwavyo.