Kazi za Nyumbani: Pembe ya Kushonea



Mwezi uliopita tulimtembelea mke wa mwalimu mmoja, naye akatueleza shida yake. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na kwa kazi yake alilipa karo ya watoto wawili. Lakini kila ashonapo saa moja, mabega yalimwuma, shingo ikakazana, na macho yakatoka machozi. Alisema, “Mama zangu, nimekusudia kuiuza. Labda mwili wangu haukuumbwa kwa kazi hii.” Tukamwomba aketi ashone kidogo, sisi tumtazame. Hatukuona ubaya wowote katika mwili wake. Ubaya ulikuwa katika kiti, meza na dirisha.

Kwanza tulitazama mwanga. Meza aliiweka hivi kwamba dirisha lilikuwa nyuma yake, ili apate kuwaona wageni mlangoni. Kwa hiyo kivuli cha kichwa chake kiliangukia sindano, naye akainama ili aone mshono. Tuligeuza meza hata dirisha likawa upande wake wa kushoto. Sababu yake ni hii: sindano ya cherehani iko mwisho wa kushoto, na mkono wa chuma wa cherehani uko kulia kwake. Mwanga utokao kulia huzuiwa na chuma hicho, bali utokao kushoto hufika mpaka kwenye sindano. Jua likiingia moja kwa moja, tundika pazia jeupe jepesi. Usiku taa nayo ikae kushoto, mbele kidogo ya sindano, na mwali wake usiyapige macho. Lakini nguo nyeusi yafaa kungoja mchana, kwa maana uzi mweusi juu ya nguo nyeusi hauonekani vema hata kwa taa nzuri.

Pili tulipima kimo. Aliketi wima, akalegeza mabega, akakunja mikono. Kutoka sakafuni mpaka kiwiko chake tulipata sentimita 68, na mpaka uso wa meza sentimita 77. Basi meza ilimzidi kwa sentimita 9, na mchana kutwa alikuwa akiinua mabega pasipo kujua. Meza ya cherehani ya miguu haipunguzwi, kwa kuwa imefungwa juu ya miguu ya chuma pamoja na mkanda wake. Kwa hiyo tuliinua kiti. Tuliweka ubao mpana juu yake na blanketi lililokunjwa juu ya ubao, hata akapanda sentimita 7. Mto laini tuliukataa, maana hudidimia, na mshonaji hurudi chini tena. Tulipojaribu kuongeza zaidi, magoti yaligusa meza kwa chini, tukaacha hapo. Sentimita 2 zilizobaki hazidhuru. Miguu yake yote miwili ililala juu ya kanyagio, kisigino na vidole, naye hakuhitaji kunyosha mguu.

Tatu ni namna ya kuketi. Wengi huketi mbele ya katikati ya cherehani, kisha hujipinda kushoto kuifuata sindano. Na hapo ndipo maumivu ya kiuno ya upande mmoja huanzia. Tulimsogeza kiti kushoto hata pua yake ikaelekea sindano, tena tukakisogeza karibu na meza ili asinyoshe mikono. Mgongo uinamie mbele kidogo tokea nyonga, wala usipindwe kama upinde.

Baada ya majuma matatu tulirudi. Mabega yalikuwa yametulia, naye alikuwa amemaliza nguo nne za kipaimara. Macho tu yalisumbua bado wakati wa kutunga uzi. Tulimfundisha kushika karatasi nyeupe nyuma ya tundu la sindano. Ikawa afadhali, lakini hakuona sawasawa mpaka alipoisogeza mbali na uso. Yeye amepita miaka arobaini, na hali hiyo huwapata watu wa umri huo, mwanga hauiponyi. Tulimshauri aende kupimwa macho apate miwani.

Ninyi nanyi jipimeni hivi. Mabega yakiuma, meza yawazidi kimo. Kiuno kikiuma upande mmoja, kiti hakielekei sindano. Mkiona kivuli cha mkono au kichwa juu ya mshono, geuzeni meza kabla ya kuilaumu miwani. Tena hata pembe iliyopangwa vema haiondoi haja ya kusimama: kila nusu saa inukeni, mnyoshe mgongo, mtazame mbali dirishani. Ganzi ya vidole au maumivu yasiyokoma usiku hayatibiwi kwa ubao na blanketi. Mwendeeni mganga hospitalini.

Bwana azibariki kazi za mikono yenu.