Mkutano wa diwani: umati ukiitikia, unaitikia nini?

Mgombea udiwani akishika maiki, haanzi na sera. Wa CCM atapaza sauti, "CCM!" na uwanja utajibu, "Hoyeee!" Wa Chadema alikuwa akiita, "Pipoz!" anajibiwa, "Pawa!" Hapo watu wamechangamka na wa nyuma wanasogea.

Shida inakuja anapogeukia ahadi. "Mnataka barabara?" "Ndiyoo!" "Nilete, nisilete?" "Leteee!" Swali la aina hiyo lina jibu moja tu, kwa hiyo halimfungi mtu yeyote. Tena diwani hana barabara ya kuleta. Tangu 2017 barabara za mijini na vijijini zipo chini ya Tarura. Anachoweza ni kupeleka kilio na kufuatilia.

Kuna eneo ambalo baraza la madiwani lina mkono wake: bajeti ya halmashauri. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ikopeshwe vikundi, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Hesabu hiyo inaitikika vizuri.

Kwanza mgombea awafundishe watu: "Nikitaja namba, ninyi tajeni wenyewe." Ajaribu mara moja taratibu, halafu aachie:

"Nne ya kwanza?" "Akina mama!"
"Nne ya pili?" "Vijana!"
"Mbili?" "Wenye ulemavu!"
"Ni zawadi?" "Mkopo!"
"Riba?" "Hakuna!"

Jibu ni fupi, ni moja, na sauti ya mgombea inapanda mwishoni ili watu wajue zamu yao imefika. Ukisikia nusu ya uwanja wanajibu hivi na nusu vile, ujue swali lilikuwa refu au halikufundishwa.

Neno "mkopo" halijawekwa hapo kama pambo. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hii baada ya ripoti ya CAG kuonyesha mabilioni hayajarejeshwa. Ilirudi 2024. Mgombea anayeinadi kama pesa ya bure anawaandaa wapiga kura wake kushindwa kulipa.

Pia asikuze mambo. Chukua mfano wa halmashauri yenye mapato ya ndani ya Sh2 bilioni. Asilimia 10 ni Sh200 milioni. Kama ina kata 20, wastani ni Sh10 milioni kwa kata, na vikundi vinavyoomba ni vingi. Si kila aliyeitikia atapata.

Lakini aliyeitikia "nne, nne, mbili" anaondoka na kitu cha kudai. Baada ya uchaguzi, diwani akiitisha mkutano kwenye kata, mtu yeyote anaweza kusimama na kumuuliza: mwaka huu nne ya vijana ilikuwa shilingi ngapi, na kata yetu vimepata vikundi vingapi?

Hilo, "hoyee" haiwezi kulijibu.