Deni la Nani? Maneno Manne Yaliyotaka Kuigawa Nyumba



Wiki hii naleta kisa cha kikaratasi kidogo. Nimepewa idhini na wenyewe kukisimulia kwa sharti la kuwasitiri, basi majina mtakayoyaona humu si yao.

Bibi mmoja wa mtaani kwetu alirejea kwa Mola wake, na siku chache baada ya matanga mabinti zake wakafungua sanduku lake. Ndani mlikuwa na kanga, mkufu wa dhahabu, na ukurasa uliochanwa kwenye daftari. Juu ya ukurasa ameandika neno moja, Rajabu, na chini yake maneno haya:

«Deni la Salma 18,000. Nusu imelipwa usiku wa Ijumaa. Mkufu nimeazima. Ndugu yake anajua.»

Sentensi nne tu, na hati yake ni nzuri, kila herufi yasomeka. Wakaja kwangu wakiwa wawili, na kila mmoja ana maana yake. Mkubwa asema, «Salma anadaiwa na mama, tukamdai.» Mdogo asema, «Mama ndiye aliyedaiwa, tukalipe.» Salma mwenyewe hakuweza kuulizwa, kwani amepatwa na kiharusi na ulimi wake umefungwa, Mwenyezi Mungu amponye. Wanawe nao wakijua tu kwamba baina ya mama zao kulikuwa na pesa.

Tuanze na neno «deni la». Katika Kiswahili, «la» huunganisha vitu viwili bila kusema vinaunganika vipi. Deni la Salma laweza kuwa deni alilonalo Salma shingoni, na laweza kuwa deni ambalo Salma ndiye mwenye haki nalo. Sote hutumia usemi huu kwa njia zote mbili na hatukosani, kwa sababu anayesema yupo na hali inajulikana. Lakini mwenye kuandika akishaondoka, neno hubaki peke yake. Ikiwa Salma ndiye mdaiwa, warithi wana shilingi 9,000 za kupokea. Ikiwa Salma ndiye mdai, wana shilingi 9,000 za kutoa. Tofauti baina ya tafsiri hizo mbili ni shilingi 18,000 kamili, na juu ya pesa iko dhima ya maiti, kwani deni hulipwa kwanza, kabla ya wasia na kabla ya mirathi kugawanywa.

Sentensi ya pili haikutusaidia. «Nusu imelipwa» yasema kwamba pesa zilitoka mkononi mwa mtu, lakini mtu huyo hakutajwa. Vitenzi vya namna hii, imelipwa, imetolewa, imepokewa, ni vyepesi kwenye kalamu, na humficha mtendaji. Ukilikuta neno la aina hii kwenye hati ya pesa, jiulize: nani? Kisha uandike «nimemlipa» au «amenilipa». Silabi hizo mbili ndogo zambeba mtoaji na mpokeaji pamoja.

Nikawaambia, «Ikiwa alilipa kwa simu, ujumbe wa M-Pesa utasema pesa zimetoka wapi na kwenda wapi.» Wakasema wameshatazama. Walizipitia Ijumaa zote za Rajabu, kuanzia Magharibi mpaka usiku wa manane, na hawakuona kitu. Hapo ndipo nilipoelewa neno la tatu lenye njia mbili.

Mama zetu wakisema «usiku wa Ijumaa» wana maana ya usiku unaoitangulia Ijumaa, kwa kuwa siku ya Kiislamu huanza jua linapozama. Ndio usiku tunaosoma Yasini majumbani, na kalenda ya ukutani huuita Alhamisi. Lakini vijana waliozoea siku kugeuka saa sita ya usiku wakisikia «usiku wa Ijumaa» huenda moja kwa moja kwenye Ijumaa yenyewe baada ya jua kuzama. Wote wawili hawajakosea. Kila mmoja ana hesabu yake, na baina ya hesabu hizo mbili mna usiku mzima. Nikawaomba mabinti watazame Alhamisi. Katika Alhamisi ya tatu, baada ya Isha, ujumbe ukapatikana: shilingi 9,000 zimetoka kwenye simu ya marehemu kwenda kwa Salma. Mama ndiye aliyedaiwa.

Usiku kama huo uandikwe «Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa», na utiwe tarehe ya kalenda ambayo wote wa nyumbani wanaitumia. Ukitaja Alhamisi na Ijumaa pamoja, hata anayehesabu kwa Magharibi na anayehesabu kwa saa sita wote watafika kwenye usiku mmoja.

Tukaja kwenye mkufu. Kitenzi «kuazima» kwetu sisi kina milango miwili: mwenye kutoa huazima, na mwenye kuchukua pia huazima. «Mkufu nimeazima» kwa hivyo haisemi ulikuwa wa nani. Na msidhani kule kuonekana sandukuni kulitosha kuwa dalili. Huenda marehemu alimuazima Salma mkufu wake naye akaurudisha, na huenda aliuchukua kwa Salma na hakuwahi kuurudisha; kwa hali zote mbili mkufu utakutwa pale pale sandukuni. Binti mdogo alikuwa ameshauvaa Idi akiamini ni wa mamake.

Njia ya kulinyoosha neno hili ni kumtaja mtu wa pili na mahali pake katika sentensi. «Nimemuazima Salma mkufu wangu» ina maana moja: nimetoa. «Nimeazima mkufu kwa Salma» ina maana moja: nimechukua. Ukitaka yakini zaidi, ongeza neno la umiliki: «mkufu ni wa Salma». Na kwa fedha acheni kuazima kabisa, mtumie kukopa na kukopesha, kwani hayo kila moja lina upande wake. Tena kilichoazimwa hurudi chenyewe, na kilichokopwa hurudi mfano wake. Si vibaya maneno yetu yakaitunza tofauti hiyo.

Likabaki la mwisho, «ndugu yake anajua». Hapa «yake» haikuwa na shaka, kwa kuwa mwandishi anajitaja mwenyewe kwa «nimeazima», basi angekuwa ni nduguye yeye angeandika «yangu». Ndugu ni wa Salma. Lakini ndugu gani? Kwetu ndugu ni wa tumbo moja, ni mtoto wa ami, ni mtoto wa mama mdogo, ni wa kike na ni wa kiume. Mabinti walimwendea kaka yake Salma, akaapa hajui lolote, na binti mkubwa akarudi akisema shahidi amekana. Hakukana, hakuwa yeye. Tulipouliza zaidi, tukampata binti wa mama yake mdogo Salma, aliyekuwapo siku hiyo. Akaeleza bila kusitasita kwamba mkufu ulichukuliwa kwa Salma kwa ajili ya harusi ya mjukuu, na pesa zilikopwa kwa harusi hiyo hiyo.

Ujumbe wa simu pekee hauthibitishi deni, kwani mtu hutuma pesa kwa sababu nyingi. Lakini ujumbe, kikaratasi na maneno ya huyo mama vilipokutana, warithi waliridhika na wakakiri. Wakalipa shilingi 9,000 zilizobaki, na binti mdogo akauvua mkufu na kuupeleka mwenyewe kwa mikono yake.

Sasa tukiandike upya kikaratasi kile kama kingaliandikwa ili kisomwe na asiyekuwapo:

«Mimi (jina langu na la baba yangu) nimekopa kwa jirani yangu Salma (na jina la baba yake) shilingi 18,000. Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa, tarehe (siku, mwezi na mwaka), nimemlipa 9,000 kwa simu. Zimebaki 9,000, nadaiwa mimi. Mkufu wa dhahabu uliomo sandukuni ni wa Salma. Nimeuazima kwake kwa harusi, nami sijaurudisha. Anayejua haya ni binti wa mama yake mdogo (na jina lake).»

Kimeongezeka mistari michache tu. Na tazameni kimeanza na nani. Katika aya ya deni, ndani ya Suratul Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba anayemtajia mwandishi maneno ya kuandika awe ni yule mwenye haki juu yake, yaani mdaiwa. Wanavyuoni wameona humo ikrari ya mdaiwa. Nami naona pia faida ya lugha: hati inayoanza kwa ulimi wa mdaiwa, «Mimi nimekopa», haiwezi kugeuzwa ikasomwa upande wa pili. Na aya hiyo hiyo yaagiza mashahidi. Basi kikaratasi cha sandukuni, hata kikiwa wazi vipi, hakishiki mahali pao.

Huenda mama mmoja akaniuliza, je, tuliogope kila neno lenye maana mbili? La. Mbuzi ni mnyama na mbuzi ni cha kukunia nazi, lakini ukimwambia mtoto, «Niletee mbuzi nikune nazi,» hatakwenda zizini. Maneno jirani yameshafunga mlango mmoja. La kuhofiwa ni lile ambalo maana zake zote mbili zakaa sawasawa katika sentensi ile ile, na kila moja yampeleka msomaji mahali pengine. Deni la Salma lilikuwa hivyo.

Na ugumu wake ni huu: mwandishi mwenyewe halioni. Yeye anaijua nia yake, na kila akilisoma neno lake hulisoma kwa nia hiyo. Hata akilirudia mara kumi, ataona njia moja. Kwa hivyo mpe karatasi mtu ambaye hakuwapo, mwanao au jirani unayemwamini, wala usimuulize, «Umefahamu?» Atakujibu naam, kwa kuwa amefahamu moja kati ya mbili. Mwambie akusimulie: nani amempa nani, nini, lini, na nani wa kuulizwa. Pale atakapokusimulia kinyume cha ulivyokusudia, au atakaposita, ndipo neno lilipo. Libadilishe ungali hai.

Usiku huu wa kuamkia Ijumaa, baada ya Yasini, fungueni madaftari yenu mkayatazame.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.