Maneno ya benki kwa mama

Benki ya CRDB ya Tanzania hujitangaza kwa maneno mawili: “Ulipo, Tupo.” Ni sauti ya jirani mwema. Lakini sisi wa Goma tunajua kwamba benki inaweza isiwepo: mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, benki zilifunga milango.

Kwa mama anayeweka akiba mara ya kwanza, tungeandika hivi: “Karibu mama na faranga zako elfu mbili. Tunazihesabu mbele yako, unarudi na karatasi.” “Karibu mama” linamtuliza. Kuhesabu na karatasi vinamfanya aamini, kwani anaviona siku ileile. “Pesa yako salama daima” tungeifuta: benki haiwezi kuitimiza kila siku.